SHUKRANI ZA DHATI NI ZA NANI?

Bwana Mhariri,

Tafadhali unipatie nafasi katika karatasi zetu hizi nizungumze na makarani wenzangu juu ya barua za shukrani. Nikikosea, mwenye kujua zaidi anisahihishe.

Baba yangu alipofariki, alizikwa Mwanakwerekwe, na matanga yakakaliwa nyumbani kwetu Amani. Siku tatu zilipokwisha niliandika barua ya shukrani, nikaipiga taipu, nikatoa nakala thelathini. Maneno yake mnayajua kabla sijayataja: "Kwa niaba ya familia, natoa shukrani za dhati kwa wote walioshirikiana nasi kwa hali na mali, kwa njia moja au nyingine. Ni vigumu kumtaja kila mmoja."

Nakala moja nilimpa tarishi wa ofisi yetu. Aliisoma, akaikunja, akaniuliza kwa upole, "Bwana, hii ni yangu au ni ya wote?" Nikakosa jawabu. Siku ya msiba, mtu huyo ndiye aliyeazima turubai kwa jirani yake, akalileta juu ya baiskeli katika mvua, na waliokuja kutupa pole wakapata pa kukaa. Katika barua yangu hakuwamo yeye, wala turubai, wala mvua.

Tangu siku hiyo nimelifikiri sana neno hili "dhati". Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni nafsi ya kitu, uhalisi wake. Basi anayesema "shukrani zangu ni za dhati" anausifu moyo wake mwenyewe. Juu ya kazi ya mwenzake hajasema neno. Na kwa kuwa kila mtu hulitumia, limechakaa, tukaanza kulitia viraka: "za dhati kabisa", "za dhati na za kipekee". Kila kiraka kinaonyesha kwamba nguo ilikwisha toboka. Litazame sasa neno "ahsante", ambalo nalo lilitoka Kiarabu. Huko maana yake ni "umefanya vyema". Neno hilo halisemi habari za moyo wa mshukuruji. Linamtazama aliyetenda na tendo lake. Ndiyo njia ninayoitaka.

Kuijua barua tupu si kazi ngumu. Funika jina la mpelekewa na tarehe, kisha uisome. Ikiwa yaweza kupelekwa pia kwa mtu aliyekuletea zawadi ya harusi, basi barua hiyo haijamshukuru mtu.

Dawa yake ni kuandika kwanza juu ya kipande cha karatasi majibu ya maswali matatu: Alifanya nini hasa? Alikifanya lini, au katika hali gani? Taabu gani ilituondokea kwa sababu yake? Kisha maneno ya barua yatoke humo. Barua ya tarishi niliiandika upya hivi: "Ndugu yangu, asubuhi ile mvua ilipoanza kunyesha, wageni walikuwa wamesimama nje na mimi sikujua la kufanya. Ulikuja na turubai juu ya baiskeli, nguo zako zimelowa, ukalifunga mwenyewe. Mama aliona, na hata leo hulitaja. Ahsante. Mwenyezi Mungu akulipe." Hamna "dhati" humo, na hakuna aliyeweza kuipokea isipokuwa yeye.

Mtu ataniuliza, "Je, watu thelathini niwaandikie barua thelathini?" La. Tangazo la wote na liwepo, lakini nalo litaje kazi: waliochimba kaburi, waliopika, waliokesha na wafiwa, waliotushikia kazi ofisini. Kila mmoja atajiona katika kundi lake. Barua za peke yake waandikie wale wachache ambao bila wao jambo lingeharibika.

Mipaka nayo iko. Aliyekupa fedha kwa siri usitangaze kiasi chake mbele ya watu. Umemvunjia sitara yake, na aliyetoa kidogo umemtahayarisha. Huyo mwandikie faraghani, umweleze fedha zilinunua nini. Tena, usitaje jambo usilolihakikisha. Ukimshukuru Ali kwa mchele ulioletwa na Juma, umewaudhi wawili kwa sentensi moja. Heri uulize kwanza waliokuwa jikoni. Wala sisemi kwamba maneno ya desturi ni mabaya. Mkono kwa mkono mlangoni, "ahsante sana" yatosha, kwa sababu uso wako unasema yaliyobaki. Karatasi haina uso; yataka iambiwe kilichotendeka.

Barua ile mpya nilimpelekea tarishi mkononi. Aliisoma mara mbili, kisha akaniambia, "Sikujua kama mama aliniona."

Wasalaam.

Ni mimi, karani mwenzenu,
Amani, Unguja.