Vigezo na Masharti Kuzingatiwa, Nami Sikuvizingatia

Kila mwaka wapya wanaporipoti, mahema ya simu za mkopo yanapangwa pale njia ya kwenda kafteria. Spika zinapiga muziki, vijana wamevaa fulana zinazofanana, na bango limeandikwa kwa herufi kubwa: kianzio elfu sitini tu, halafu 1,300 kwa siku. Chini kabisa, kwa herufi za kuchungulia, kuna yale maneno tuliyoyazoea redioni: vigezo na masharti kuzingatiwa.

Mimi nilisimama pale nikiwa mwaka wa kwanza. Simu yangu ya zamani ilikuwa haifungui hata mafaili ya mihadhara. Nikapiga hesabu ya haraka: 1,300 ni chini ya sahani ya wali maharage, kwa hiyo poa. Yule dada akaniandikisha kwa kitambulisho cha NIDA, ukaja ujumbe wenye kiungo na namba za siri, akaniambia, "Kaka, bonyeza Nakubali, halafu nisomee hizo namba." Nikasoma. Mkataba ulikuwa kwenye kile kiungo. Nilikuja kuufungua miezi kumi na minne baadaye, nikiwa nimemaliza marejesho yote na simu bado imejifunga.

Hoja yangu ni hii: bei ya simu ya mkopo haiko kwenye bango. Iko kwenye vipengele vinavyosema utatozwa nini ukikwama, nini kitajihuisha ukinyamaza, na utatokaje ukitaka kutoka. Ukisoma hivyo vitatu kabla ya kubonyeza, unajua bei. Usipovisoma, unajua kianzio tu.

Nianze na mahesabu, maana hayo hayahitaji mwanasheria. Simu yangu kwa taslimu iliuzwa 300,000. Kianzio kilikuwa 60,000. Marejesho yalikuwa 1,300 kwa siku 365, yaani 474,500. Jumla 534,500. Kwa maneno mengine, nilikopeshwa 240,000 nikakubali kurudisha 474,500. Hii haikuwa siri, ila haikuandikwa mahali popote kama namba moja. Nyaraka zilitaja kianzio upande mmja na rejesho la siku upande mwingine, kazi ya kuzidisha na kujumlisha ikaachiwa mteja. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuchukua kalamu: rejesho mara idadi ya siku, ongeza kianzio, linganisha na bei ya taslimu ya simu ileile. Ukishaona tofauti, amua kama unaimudu. Mimi pengine ningechukua hata hivyo, maana 300,000 kwa mkupuo sikuwa nayo. Lakini ningeamua nikiwa macho.

Sasa tuingie ndani. Kipengele kilichoniumiza wala si cha ada, ni cha maana ya maneno, kule mwanzoni ambako kila mtu anaruka. Kulikuwa na maneno mawili yaliyoandikwa kwa herufi kubwa za mwanzo: "Siku ya Malipo" na "Deni Lote". Siku ya Malipo ilielezwa kuwa ni siku ambayo rejesho limelipwa. Ina maana zile 365 si siku za kalenda. Siku ambayo hujalipa simu inajifunga, na siku hiyo haihesabiki, inasogezwa mbele. Wewe unajua maisha yetu: boom likichelewa, au likizo ukarudi nyumbani mkavu, unakaa wiki kadhaa bila kulipa. Mimi likizo ndefu nilikaa siku 42. Nilidhani nimepoteza matumizi ya simu tu. Kumbe kipengele kingine kilikuwa na "ada ya ufuatiliaji" ya 5,000 kwa kila wiki kamili ambayo simu imefungwa. Wiki sita, 30,000. Hakuna aliyenipigia kunidai, iliingia tu kimyakimya kwenye hesabu.

Halafu kuna bima. Kwenye hema waliniambia bima ya kioo ni bure, na kweli mwaka wa kwanza sikuilipia. Ila mkataba ulisema bima ni ya miezi 12, na kwamba "itajihuisha kwa kipindi kama hicho" mteja asipotoa taarifa ya maandishi siku 30 kabla ya kuisha, na gharama ya 36,000 itaongezwa kwenye Deni Lote. Hapo ndipo vipengele vinashikana mikono. Kama ningelipa bila kukosa siku hata moja, mkopo na bima vingeisha pamoja. Kwa kuwa zile siku 42 zilisogeza mkopo mbele, mwezi wa 12 ulinikuta bado nadaiwa, bima ikajihuisha, na 36,000 ikaingia. Nilipolipa rejesho la mwisho nikasubiri ujumbe wa hongera, simu ikajifunga usiku uleule, maana kipengele cha kufunguliwa kilisema kifaa kitaondolewa kwenye mfumo wa udhibiti baada ya "Deni Lote" kulipwa. Na Deni Lote, kwa ile tafsiri ya mwanzoni, ni marejesho pamoja na ada pamoja na bima.

Jumlisha: 534,500, ongeza 30,000, ongeza 36,000. Ni 600,500. Simu ya laki tatu, nimeilipia mara mbili na chenji. Na hayo yote yalikuwa yameandikwa. Nilipokwenda dukani kwao kulalamika, kijana wa mezani alinifungulia kipengele baada ya kipengele bila hata kupandisha sauti, na sikuwa na la kujibu.

Wapo watakaosema dawa ni kwenda kwa fundi aiflashi. Hapana. Kufuli hizi hazikai kwenye faili za kawaida za simu, zinafungwa na namba ya utambulisho ya kifaa, ile IMEI. Ukifuta simu yote na kuanza upya, ikiingia mtandaoni tu inajitambulisha kwenye mfumo wa kampuni na kujifunga tena. Ila IMEI ina kazi nyingine ya maana: kabla hujasaini piga *#06#, namba itakayotokea ilingane na iliyoandikwa kwenye mkataba. Zikitofautiana, unakaribia kulipia deni la simu ambayo si hiyo uliyoishika.

Upande wa kutoka, nikupe mfano wa mwenzangu wa hosteli. Yeye alichukua simu ya aina ileile kwa mkataba uleule, akalipa siku 90, akaona hawezi. Akairudisha akidhani yameisha. Kipengele cha kusitisha kilikuwa na sehemu mbili. Ndani ya siku 7 unarudisha simu ikiwa na boksi na chaja, unarudishiwa kianzio ukikatwa 15,000. Baada ya siku 7 unaruhusiwa kurudisha, marejesho ya mbele yanafutwa, lakini kianzio na ulicholipa havirudi. Alikuwa ametoa 60,000 na 117,000 juu yake, yaani 177,000, akaondoka mikono mitupu. Na aliambiwa ana bahati, kwa sababu ipo mikataba ambayo kurudisha simu hakufuti deni hata kidogo: simu inachukuliwa na kilichobaki unaendelea kudaiwa. Tofauti ya mikataba hiyo miwili ni sentensi moja. Itafute. Isipokuwepo, uliza na ujibiwe kwa maandishi, si kwa mdomo hemani.

Kwa hiyo nawashauri wapya msome kwa kuanzia nyuma. Fungua kile kiungo kabla ya kutaja namba za siri, maana zile namba ndizo sahihi yako. Nenda moja kwa moja kwenye kusitisha, ujiulize: nikitaka kutoka kesho, natoa nini? Na nikitaka kutoka mwezi wa tatu? Kisha tafuta kujihuisha: ni kitu gani kinajirudia chenyewe, taarifa inatolewa siku ngapi kabla, na inapelekwa wapi. Weka tarehe hiyo kwenye kalenda siku hiyohiyo, na ukituma taarifa piga picha ya skrini, utunze nje ya simu hiyo, maana ikifungwa na ushahidi unafungwa humo. Kisha tafuta kila mahali palipoandikwa ada au gharama, uziandike kwenye karatasi moja. Mwisho ndipo urudi kwenye maana ya maneno, uone kila neno lenye herufi kubwa limebeba nini. Mkataba ukiwa wa Kiingereza kwenye faili la simu, tumia sehemu ya kutafuta, andika fee, renew na terminate. Haichukui nusu saa. Foleni ya kafteria ni ndefu kuliko hapo.

Uliza pia jambo ambalo mara nyingi haliandikwi: nikilipa deni lote mapema napunguziwa? Kwenye mkataba wangu hakukuwa na kipengele hicho. Ningeweza kumaliza mwezi wa tano boom lilipotoka na bado ningelipa 474,500 zilezile.

Ukishaumia, pa kwenda papo. Andika malalamiko kwa kampuni kwanza, ubaki na nakala. Tume ya Ushindani, ile FCC, ndiyo yenye jukumu la kumlinda mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na masuala ya laini na huduma za mtandao yanakwenda TCRA. Lakini tusidanganyane: ukiwa umebonyeza Nakubali kwenye ada iliyoandikwa wazi, njia hiyo ni ndefu na matokeo yake hayana uhakika.

Ndiyo maana ombi langu linakwenda kwa serikali yetu ya wanafunzi, inayotoa vibali vya mahema hayo. Sisemi yafukuzwe. Wengi wetu bila mkopo tungebaki na vitochi, na hakuna anayesoma mihadhara kwenye kitochi. Nasema kibali kiwe na masharti mawili. Mkataba mzima kwa Kiswahili ubandikwe kwenye ubao wa matangazo siku tatu kabla hema halijasimama. Na bango litaje jumla: kianzio pamoja na marejesho yote, pembeni ya bei ya taslimu, kwa herufi za ukubwa uleule. Kampuni isiyotaka kuandika 534,500 pembeni ya 300,000 iende ikauze kwingine.