Doa la Kijani Kwenye Sinki: Tuyapime Maji Mtaa kwa Mtaa

Wakazi wenzangu wa Sumbawanga na vijiji vya Ufipa, tuache kwanza kusugua. Lile doa la kijani-samawati linaloshuka kutoka chini ya koki hadi kwenye tundu la sinki si uvivu wa anayefanya usafi. Ni shaba. Maji yameimega kutoka kwenye koki, valvu au hita, na tone linapokauka kila siku mahali pale pale, shaba hubaki na kuchukua rangi hiyo. (La kahawia ni habari nyingine, hilo ni chuma.)

Wengi watauliza shaba imetoka wapi, mbona bomba zao ni za plastiki. Koki nyingi ni za brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Mng'ao wa fedha unaouona nje ni ganda jembamba tu. Hita nazo mara nyingi zina sehemu za shaba ndani, na kwa baridi yetu ya Juni na Julai nani asiyetaka hita?

Lakini koki hiyo hiyo ikifungwa kwenye maji ya aina nyingine inaweza kukaa miaka bila doa. Mvua inapozama ardhini huchukua hewa ya ukaa kutoka kwenye mizizi na majani yanayooza, ikawa tindikali hafifu. Penye mawe ya chokaa tindikali hiyo hupozwa njiani. Uwanda wetu kwa sehemu kubwa umekaa juu ya miamba ya kale, migumu, yenye chokaa kidogo, kwa hiyo maji ya kisima au chemchemi yanaweza kufika nyumbani yakiwa laini na pH yake chini ya 6.5. Ni maji yanayotoa povu la sabuni upesi, nasi tunayasifu kwa hilo.

Doa pekee halimaanishi mmeshadhurika. Koki inayovuja huweza kuchora sinki hata shaba ikiwa kidogo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 2 za shaba kwa lita. Ikizidi sana, maji huwa na ladha ya chuma na huleta kichefuchefu na maumivu ya tumbo. Wa kuangaliwa zaidi ni watoto wachanga: Ujerumani, miaka ya 1980, madaktari waliripoti watoto walioharibika ini baada ya kunyweshwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji ya visima yenye tindikali, yaliyopita kwenye mabomba ya shaba.

Mimi ninachokihofia zaidi ni risasi. Brasi nyingi hutiwa risasi kidogo ili ichongeke kirahisi, na maji yanayomega shaba huimega na risasi pia. Hiyo haina doa wala ladha, na kuchemsha hakuitoi. Kikomo chake ni mikrogramu 10 tu kwa lita.

Ndiyo maana naomba tupime kwa pamoja. Nyumba moja ikipima, haitajua kama tatizo ni chanzo au ni koki mbovu ya dukani. Zikipima nyumba sita au saba za mtaa mmoja, zenye koki za umri tofauti, jibu litaonekana. Kila nyumba ifunge koki usiku kucha, asubuhi ikinge lita ya kwanza kabla mtu hajanawa, iache maji yatiririke dakika tano, kisha ikinge chupa ya pili. Ya tatu itoke kisimani penyewe. Tuseme chupa ya kwanza ina miligramu 1.8 za shaba, ya pili 0.1, na ya kisimani haina kitu: shaba ni ya ndani ya nyumba. Ikiwa hivyo karibu kila nyumba, na pH ya kisimani iko chini, dawa iwekwe kwenye chanzo.

Maabara ya ubora wa maji ya Wizara ipo hapa hapa Sumbawanga. Tuchangie gharama na kuomba vipimo vitatu: shaba, risasi na pH. Hiyo pH ipimwe palepale kisimani, kwa sababu hewa ya ukaa hutoroka, na chupa iliyolala siku nzima itasoma juu kuliko ukweli.

Matokeo tuyapeleke SUWASA kwa walio mjini, na kwa chombo cha watumia maji chini ya RUWASA kwa walio vijijini. Tuombe maji yapitishwe hewani yamwagike kwa matone ili hewa ya ukaa itoke, au yapite kwenye tangi la kokoto za chokaa. Kokoto hizo huliwa, kwa hiyo tuulize tangu mwanzo nani atazijaza na kwa fedha ipi. Wenye visima binafsi watalazimika kufanya hayo wenyewe.

Wakati tukisubiri majibu, maji ya asubuhi tuyakinge kwenye ndoo ya kudekia, na uji wa mtoto upikwe kwa maji baridi yaliyokwisha kutiririka, si ya hita. Mkutano ujao wa mtaa, tafadhali mtu asimame aombe ajenda ya chupa hizo tatu.