Funga Daftari, Mwanafunzi



Jioni nikifunga ofisi ya parokia huwakuta vijana wa sekondari barazani, kila mmoja na daftari lake mapajani, midomo ikicheza. Wasoma ukurasa uleule mara ya tatu, mara ya nne. Ukiwauliza watajibu, "Tunarudia, karani." Kweli wanarudia. Lakini mwambie mmoja afunge daftari aseme alichosoma: atataja jina la somo, atakuna kichwa, basi.

Kosa lao si uvivu. Unaposoma jambo mara ya nne macho yamekwisha kulizoea, nawe wadhani unalijua kwa kuwa unalitambua. Kumbe kulitambua jambo lililo mbele yako, na kulitoa kichwani karatasi ikiwa tupu, ni kazi mbili. Mtihani wataka ile ya pili, na ndiyo tutakayoizoeza.

Tujaribu hapa hapa, na mzazi ajaribu pia. Soma kifungu hiki mara moja, polepole:

Serikali ya Wajerumani iliwalazimisha watu wa kusini kulima pamba kwa malipo madogo mno, hata wakakosa nafasi ya kulima chakula chao. Julai 1905, huko Nandete katika nchi ya Wamatumbi, watu waling'oa mimea ya pamba, na vita vya Majimaji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewagawia watu maji ya dawa, ati risasi zitageuka maji. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Vita vilikwisha mwaka 1907.

Sasa funika kwa kiganja. Chukua karatasi, uandike yote unayokumbuka kwa maneno yako mwenyewe, muda wa dakika tatu. Usichungulie. Ukikwama, kaa hapo kidogo ukitafuta, maana kule kutafuta ndiko kunakofanya kazi.

Kijana mmoja niliyemjaribu aliandika hivi: "Vita vilianza 1905 kwa sababu ya pamba. Kinjikitile aliwapa watu maji. Wajerumani walishinda 1907." Hakuna uongo hapo. Lakini tulipofunua kifungu aliona mwenyewe yaliyopungua: pamba ilichukiza kwa nini, ilianza kung'olewa wapi, na njaa ilitoka wapi. Tazama, karibu yote aliyosahau ni sababu na matokeo, na hayo ndiyo mtahini hupenda kuuliza. Akayaandika matatu hayo kwa kalamu nyekundu, akafunga tena, akayaandika bila kutazama. Kesho yake akarudia kifungu chote kwa karatasi tupu, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya juma. Mara ya mwisho wino mwekundu haukuhitajika.

Wengi huacha njia hii siku ya kwanza, kwa sababu yauma kuona umesahau. Kusoma tena ni raha zaidi. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Amerika, Roediger na Karpicke, walitoa habari za wanafunzi waliogawanywa: wengine walisoma kifungu mara mbili, wengine walisoma mara moja kisha wakaandika waliyokumbuka. Baada ya dakika tano waliosoma mara mbili walishinda, walikumbuka sehemu 81 katika 100, na wenzao 75. Lakini baada ya juma moja, waliosoma mara mbili walibaki na 42, na walioandika walikuwa na 56. Basi usijipime jioni ileile, itakudanganya.

Wako pia wanaojidanganya wakati wa kusahihisha. Humwona akifunua daftari na kusema, "Ah, hilo nalijua." Kama hukuliandika, hukulijua, lipigie alama nyekundu. Na somo ambalo hukulielewa darasani halitaeleweka kwa njia hii, kamwone mwalimu kwanza. Katika hesabu, usiandike maelezo: funika jibu la mfano, ulifanye swali lenyewe mpaka mwisho.

Masomo mengi ya sekondari hutahiniwa kwa Kiingereza, kwa hiyo karatasi zako ziandike kwa Kiingereza. Lakini jioni mweleze mama kwa lugha ya nyumbani huku akichambua maharagwe. Mama, wewe huhitaji kujua somo. Shika daftari lililofungwa, na kila akitaja jambo muulize, "Kwa nini?" Akianza kugugumia, hapo ndipo penye wino mwekundu.

Juma lijalo, kabla ya kufungua gazeti jipya, andika tena habari za Majimaji bila kulitazama hili. Kisha litafute, kama halijafungiwa chumvi, ujisahihishe.