Kabla hujaposti picha ya mzigo, ikuze kwanza

Leo naomba niseme kitu ambacho wengine hawatakipenda. Tunalia kwamba watu wa mzigo wanatutumia picha za uongo, lakini sisi tunaozipokea na kuziposti bila kuziangalia tunawasaidia kuuza feki. Mteja hamjui yule wa jumla. Anakujua wewe.

Nasema hivi kwa sababu yamenikuta. Niliagiza pafyumu dazani moja, kila pisi 18,000, jumla 216,000. Picha ilikuwa safi: chupa tano na maboksi yake juu ya meza inayong'aa. Nikaiposti ilivyo, oda zikajaa siku mbili. Mzigo kufika, nikapeleka haraka haraka. Wateja wanne wakarudi, harufu inaisha hata nusu saa haijafika. Nikarudisha hela zao, na zile nane zilizobaki sikuziuza.

Usiku ule ndiyo nikaifungua ile picha na kuikuza. Aisee! Jina kubwa mbele ya chupa lilikuwa sawa kabisa. Shida ilikuwa chini, kwenye maandishi madogo. Chupa ya 100 ml huwa inaandikwa pia 3.4 fl. oz. Pale kwenye 4 palikuwa na kitu kama A iliyovunjika, na mstari uliofuata ulikuwa vijimistari tu vinavyofanana na herufi. Akili mnemba inachora umbo la maandishi, haiandiki kama mtu anayejua neno. Siku hizi jina kubwa inalipatia vizuri, kwa hiyo usipoteze muda hapo. Nenda kwenye vipimo, viungo na namba ya toleo.

Ila usimhukumu mtu bure. WhatsApp nayo inapunguza ubora wa picha, maandishi yanafifia. Tofauti ni kwamba hapo kila kitu kinafifia pamoja, na pembeni ya herufi unaona viboksi viboksi. Ukiona kingo za boksi ni kali kabisa, herufi nazo kali, lakini hazisomeki kwa lugha yoyote, hiyo siyo kazi ya WhatsApp. Na kama una wasiwasi, mwambie akutumie picha ile ile kama faili.

Kitu cha pili ni ile meza. Chupa ikisimama kwenye meza inayong'aa, kivuli chake cha kioo lazima kianzie pale inapogusa meza, kiwe kichwa chini na rangi ile ile. Kwenye picha yangu chupa moja ilikuwa na kifuniko cha dhahabu, kule chini kifuniko ni cheusi. Halafu mng'ao wa taa kwenye chupa mbili ulikuwa kushoto, kwenye tatu kulia. Meza moja, taa moja, inawezekanaje?

Kuna na wale wenye pisi mbili wanaotaka uone hamsini. Hawa wanakopi boksi moja na kulibandika tena na tena. Tafuta alama ndogo, kona iliyobonyea au mkunjo wa nailoni. Ukiuona mkunjo ule ule kwenye maboksi matatu, stoo hiyo haipo. Na sehemu iliyopakwa ukungu mahali ambapo panatakiwa kuwa na maandishi, mara nyingi kuna jina la duka lingine lililofutwa.

Sasa sikiliza hapa ndugu yangu, maana ndipo wengi wanapokwama. Picha inaweza kuwa halisi kabisa na mzigo ukawa feki, kwa sababu imeibwa kwa muuzaji wa kweli. Hapo hata ukikuza hadi kesho huoni kitu. Ndiyo maana mimi sasa kwanza naipitisha Google Lens nione imetokea wapi kwingine. Halafu naomba anipigie simu ya video, ageuze chupa na boksi nione chini. Kwa pafyumu nyingi za kweli, namba ya toleo iliyo chini ya chupa inafanana na ya kwenye boksi. Karatasi yenye jina langu pembeni ya mzigo nilikuwa naiamini zamani, ila nayo siku hizi inabandikwa kwenye picha. Akisema kamera yake mbovu, mimi silipi.

Na mzigo ukifika, piga picha zako mwenyewe dirishani, hata kama hazivutii. Kubadilisha ukuta wa nyuma sina tatizo nako. Ukianza kugusa bidhaa yenyewe, ukang'arisha rangi au kunyoosha nembo, wewe na yule aliyenitapeli mimi mnafanya kazi moja. FCC wakija dukani kukagua bidhaa bandia, watazikuta kwako, na picha nzuri ya mtu wa mzigo haitakutetea.