Pini nyuma ya manekeni: picha isitudanganye wamama

Leo naongea juu ya picha za nguo tunazotumiwa kwa simu.

Mama mmoja aliniletea sketi ya bluu ya masomo. Kwenye picha ilikaa vizuri sana juu ya manekeni ya mtoto. Alilipa, sketi ikafika, binti yake akaivaa, ikaanguka chini. Pesa ya kurudisha hana, na fundi wa kuipunguza naye anataka kulipwa.

Tuliipima pamoja. Tuliilaza mezani, tukapima kiuno toka upande mmoja hadi mwingine: sentimita 33. Mara mbili ni 66. Binti ana kiuno cha 58. Sasa manekeni ya vile huwa na kiuno kama cha 56. Basi sentimita 10 zilikunjwa nyuma na kushikwa na pini, mahali picha haionyeshi.

Manekeni za wanawake ni vilevile. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool walizikagua katika maduka ya miji miwili ya Uingereza: zote za kike zilikuwa na mwili mwembamba kupita afya. Mwili ule si wa mama wa Kambove, wala wa dada zake Ulaya.

Wauzaji wananijibu: bila pini nguo inaning'inia kama gunia, nani atanunua? Ni kweli. Lakini dawa yake si kuficha. Valisheni manekeni mwili kwanza. Zungushieni vitambaa vizee kiunoni na kwenye makalio, halafu vutieni juu yake fulana ya kubana ili visihame. Kuongeza sentimita 10 za mzunguko kunataka unene wa sentimita moja na nusu tu pande zote. Nguo itajaa yenyewe, bila pini.

Mkipiga picha, simamisheni simu usawa wa kiuno cha manekeni, mkiwa mbali hatua 3 hivi. Ukipiga kutoka juu na karibu, sketi inaonekana fupi na kifua kinakuwa kikubwa. Pigeni na mgongo. Halafu andikeni chini ya picha vipimo viwili: kiuno na urefu.

Nanyi mnaonunua, msiamini namba ya kwenye lebo, kwa sababu 12 ya Uingereza ni karibu 40 ya Ufaransa. Pimeni kiuno cha mtoto kwa kamba, ongezeni sentimita 2 za kupumua, halafu ulizeni: sketi ikilazwa ina ngapi? Binti yule alihitaji 30.

Kwangu mimi, muuzaji anayekunja nyuma bila kusema anauza kitu ambacho hakipo. Pini ikibaki, na aiseme: "Nimekunja sentimita 10." Ni maneno matatu tu.