Sehemu ya 4: "Sista, watoto hao utawatoa wapi?"

Wiki iliyopita niliahidi kuwasimulia siku niliyosimama mbele ya jopo la wafadhili kuomba hela za utafiti. Naliandika hapa kwa sababu linawahusu nyie kuliko linavyowahusu wao. Mwenye mtoto ndiye anayefuatwa wodini na fomu ya ridhaa.

Swali langu lilitoka wodini. Mtoto akizaliwa chini ya kilo 2.5, tunamfundisha mama kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, yaani kangaruu. Hospitali anabeba vizuri. Akiruhusiwa kwenda nyumbani je? Kuna kuchota maji, kupika, joto la Tanga mnalijua, na bibi anayesema mtoto alazwe kitandani apumue. Nilitaka kujua: siku ya 14 baada ya kutoka, akina mama wangapi katika kila 100 bado wanabeba, na walioacha wameachishwa na nini?

Swali zuri. Andiko lilikuwa baya. Niliandika kwamba nitaandikisha watoto 200 kwa miezi 6, na kwamba utafiti "utapunguza vifo vya watoto wachanga mkoani Tanga." Slaidi zilipendeza kweli. Nilipomaliza, mama mmoja wa makamo, daktari wa watoto, akaniuliza kwa upole: "Sista, wodi yenu inapata watoto wangapi wa uzito huo kwa mwezi?"

Nikasema ni wengi.

"Wengi ni wangapi?"

Sikujua. Miaka yote naandika kwenye rejista ile kwa mkono wangu, na sijawahi kukaa chini kuihesabu. Hela sikupata.

Wenzangu waliniambia jopo lina roho mbaya. Mimi naona lile swali lilikuwa la haki, na nikarudi kuhesabu. Namba nitakazowapa nimezibadilisha kidogo ili wodi isitambulike, ila hesabu ndiyo ile ile.

Tunazalisha kama akina mama 240 kwa mwezi. Watoto wa chini ya kilo 2.5 ni kama 24. Hapo ndipo ningeishia zamani. Lakini kati ya hao 24, kama 4 wanakuwa wagonjwa sana, wanapewa rufaa au tunawapoteza. Wengine 3 hatuwezi kuwafuatilia: mama hana simu hata ya jirani, au anarudi Mkwaja au Kipumbwi huko ng'ambo ya mto Pangani, na masika yakianza hakuna wa kumfikia. Wengine 3 mama atakataa, na kukataa ni haki yake. Wanabaki 14.

Sasa ona: hata ningewapata wote 24 bila kumkosa hata mmoja, miezi 6 ingenipa watoto 144. Nilimwahidi mfadhili watoto ambao hawajazaliwa.

Je, nilihitaji kweli 200? Mtakwimu mmoja alinisaidia. Kama nataka kujua wangapi katika 100 bado wanabeba, na nakubali jibu likosee kwa 10 juu au 10 chini, watoto 96 wananitosha. Nikiweka akiba kwamba 1 katika kila 10 atapotea, kwa kuwa simu ni ya baba na baba yuko baharini, nahitaji 107. Gawanya 107 kwa 14 kila mwezi: karibu miezi 8.

Ratiba mpya ikajiandika yenyewe. Miezi 3 ya kusubiri kibali cha maadili, maana bila kibali hugusi mgonjwa hata mmoja. Mwezi 1 wa kufundisha wasaidizi na kulijaribu dodoso kwa akina mama wachache, kuona kama maswali yanaeleweka. Miezi 8 ya kuandikisha. Mwezi 1 wa kuwamalizia kuwafuatilia walioingia mwisho. Miezi 3 ya kuchambua na kuandika. Jumla miezi 16, si 6. Nikaongeza kitu ambacho jopo lilikipenda: mwisho wa mwezi wa pili wa kuandikisha natakiwa niwe na watoto 28. Nikiwa na chini ya 20, nisingoje mwujiza, naongeza kituo cha afya cha pili, ambacho mganga mfawidhi wake ameshakubali kwa barua.

Limebaki lile la vifo. Daktari yule aliniuliza pia, "Vifo vingapi?" Hapa ndipo wengi tunadanganya bila kujua. Kuna utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika 2017 hadi 2020 katika hospitali 5, mojawapo Muhimbili. Waliwaanzishia kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa watoto wa kati ya kilo 1 na karibu kilo 1.8, badala ya kusubiri watulie kwanza. Ndani ya siku 28 walifariki asilimia 12.0, na kwenye kundi la kusubiri asilimia 15.7. Hiyo ni tofauti ya kama watoto 4 katika kila 100, na kuiona kwa uhakika kulihitaji watoto 3,211. Mimi na watoto wangu 107 ningeonaje? Hata kama vifo vingepungua, nisingeweza kujua kama ni kazi yangu au ni bahati ya mwaka huo.

Kwa hiyo nilifuta sentensi ile na kuandika ninachoweza kukitimiza. Kama wengi wanaacha ndani ya wiki ya kwanza, wodi itaanza kuwapigia simu siku ya 3, na somo la kuaga tutamfundisha mama pamoja na bibi au baba. Kama wengi wanaendelea vizuri, hatutapoteza muda wa wauguzi kwa simu hizo. Majibu yote mawili yanabadilisha kitu.

Na majibu ya kushangaza yapo. Hapa kwetu Muheza, hospitali ya Teule ilikuwa moja ya hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania zilizouliza kati ya 2009 na 2011: mtoto mwenye homa kali na dalili za mzunguko wa damu kuwa dhaifu, tumpe maji mengi ya haraka kwenye mshipa? Wengi tuliamini ndiyo. Ndani ya saa 48 walifariki zaidi ya 10 katika kila 100 waliopewa, na 7 katika 100 wasiopewa. Ukiandika matokeo kabla ya kuuliza, jibu kama hilo huwezi kulisikia.

Hela nilipata mara ya pili, pungufu ya nilizoomba.

Msimamo wangu ndio huu. Muuguzi anayeahidi watoto 200 wakati wodi inampa 14 kwa mwezi anaahidi kwa kutumia watoto wenu. Hela zitaisha katikati, fomu zitafungwa kabatini, na mama aliyekaa nusu saa kujibu maswali huku mtoto analia atakuwa amejibu bure. Jopo linalokubana linakulinda wewe mama. Kwa hiyo ukifuatwa na fomu ya utafiti, uliza kama alivyoniuliza yule daktari: mnahitaji watoto wangapi, mmeshapata wangapi, na mkishapata jibu mtabadilisha nini hapa wodini? Mwenye andiko la kweli atakujibu hapo hapo.