Ofa ya Obunga si ofa ya supamaketi

Ukisoma sheria ya mikataba kwa Kiingereza, neno "ofa" linakuletea kichwani punguzo la bei au soda ya bure. Ndiyo maana nasema wahadhiri waanzie Obunga, kwa mama anayeuza mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwandani minofu ikishatolewa.

Mama akikuambia, "Ndoo hii chukua kwa mia tano," hiyo ndiyo ofa. Ukijibu "sawa," mmefunga. Ukijibu "mia nne," hujakubali. Umeua ofa yake na kuweka yako. Akikataa, huwezi kugeuka na "haya, leta kwa mia tano" kisha udai mlishaelewana. Mahakama ya Uingereza iliamua hivyo mwaka 1840, kesi ya Hyde na Wrench, na Kenya tumeurithi msimamo huo.

Na konsidaresheni? Si kuhurumiana, jamani. Ni nipe nikupe: pesa yako kwa ndoo yake. Mama akiahidi bure kukuwekea ndoo hadi jioni, halafu aiuze saa nane, utanuna tu, kumshtaki huwezi. Ungempa hata Sh50 ili akushikie, hapo ungekuwa na kesi.